Riba Inayopunguza Kodi

Tuchukue kampuni ya kusaga unga wa mahindi yenye mtaji wa shilingi bilioni 1. Milioni 600 zimetoka kwa wenye hisa, milioni 400 ni mkopo wa benki. Benki inatoza riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Wenye hisa wao wanataka asilimia 22, kwa sababu hulipwa mwisho, baada ya benki na serikali kuchukua chao, na mwaka mbaya huenda wasipate kitu.

Je, shilingi moja ya mtaji huu inagharimu kiasi gani? Kila fungu huhesabiwa kwa uzito wake. Asilimia 60 ya 22 ni 13.2, asilimia 40 ya 16 ni 6.4. Jumla ni asilimia 19.6. Huo ndio wastani wa gharama ya mtaji, ila bado kodi haijaingia, na kodi ndiyo inayobadilisha hesabu.

Tanzania, kama Kenya, hutoza kampuni kwa kawaida asilimia 30 ya faida. Riba huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Gawio la wenye hisa haliondolewi. Tuseme kampuni yetu imepata faida ya milioni 300 kabla ya riba. Bila deni, kodi ingekuwa milioni 90. Ikishalipa riba ya milioni 64, inabaki milioni 236, na kodi yake ni milioni 70.8. Tofauti ni milioni 19.2. Hii ndiyo ngao ya kodi: benki imepewa milioni 64, lakini zilizoitoka kampuni hasa ni milioni 44.8.

Kwa hiyo mkopo wa asilimia 16 unagharimu asilimia 11.2 tu, na wastani unashuka hadi 17.68. Mashine mpya inayotarajiwa kuleta asilimia 18.5 baada ya kodi, yenye hatari sawa na biashara iliyopo, ingekataliwa kwa kipimo cha 19.6. Kwa hiki inanunuliwa. Hapa wengi hukosea: wakishatumia 17.68, huitoa tena riba kwenye mapato ya mashine au huongeza akiba ya kodi juu yake. Riba na ngao yake zimo tayari ndani ya wastani.

Ngao hii huhitaji faida ya kukinga. Mahindi yakipanda bei na faida kabla ya riba ikaanguka hadi milioni 20, mwaka huo kodi inayookolewa ni milioni 6 tu, na hasara iliyobaki husubiri faida ya miaka ijayo. Benki haisubiri, inadai milioni 64 zake zote. Wenye hisa wanalijua hilo, ndiyo maana deni likiongezeka nao hudai zaidi ya asilimia 22, na benki hupandisha riba. Anayepiga hesabu ya kuongeza mkopo huku akiziacha 22 na 16 palepale anajidanganya.