Bahasha ya njano isiyotakiwa kutupwa

Mama mmoja Mtanzania anayeishi Ujerumani alirudi nyumbani kutoka likizo tarehe 12 Juni na kukuta bahasha ya njano kwenye sanduku la barua. Kama ilivyo kwa familia nyingi za ughaibuni, msomaji wa barua za serikali ni mtoto. Binti yake wa miaka 14 akaitazama na kusema, “Mama, ni faini ya gari. Euro 143 na senti 50.” Bahasha ikatupwa kwenye taka.

Binti hakukosea, ila alisoma ukurasa wa kwanza tu. Ukurasa huo ulisema kwamba gari la mama lilizidisha kasi mjini kwa kilomita 22 kwa saa. Kosa hilo ni euro 115 na pointi moja kwenye rekodi ya dereva. Zilizobaki, euro 28 na senti 50, ni gharama za ofisi na za kufikisha barua.

Lakini siku ile gari liliendeshwa na kaka yake mama. Na kwa sheria ya Ujerumani, faini ya kasi ni ya aliyeshika usukani, si ya mwenye gari. Mama alikuwa na sababu nzuri ya kupinga, na maelezo ya namna ya kupinga yalikuwa ukurasa wa pili.

Neno la kutafuta hapo ni Einspruch. Wengi hulitafsiri “malalamiko”, kana kwamba mtu anaomba huruma. Maana yake ni pingamizi: ukiliwasilisha kwa wakati, faini haiwi ya mwisho, na hulazimiki kuilipa mpaka shauri liamuliwe. Ukichelewa, faini na pointi vinakuwa vyako hata kama hukuendesha.

Muda wa pingamizi ni wiki mbili, na hapa ndipo familia nyingi hukosea. Mama alihesabu kuanzia siku aliyofungua barua, akapata tarehe 26 Juni. Hesabu hiyo si sahihi. Wiki mbili huanza siku barua ilipotumbukizwa kwenye sanduku lako, uwe nyumbani au usiwe. Siku hiyo mtu wa posta huiandika kwa mkono juu ya bahasha ya njano. Ilibidi binti aitoe bahasha kwenye taka. Ilikuwa imeandikwa tarehe 3 Juni, Jumanne. Kwa hiyo mwisho ulikuwa Jumanne tarehe 17, siku tano tu mbele. Kama siku ya mwisho ingeangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, ingesogea hadi siku ya kazi inayofuata.

Muda wa kulipa ni mwingine kabisa. Asiyepinga, faini yake huwa ya mwisho wiki mbili za pingamizi zikiisha, kisha hupewa wiki mbili nyingine za kulipa. Anayechanganya tarehe hizi hudhani bado ana nafasi ya kupinga, kumbe imebaki ya kulipa tu. Asiye na uwezo aiandikie ofisi mapema, aeleze hali yake na kuomba kulipa kidogo kidogo. Akikaa kimya, mahakama inaweza kuamuru awekwe ndani ili alazimike kulipa.

Pingamizi lenyewe ni fupi. Andika jina, anwani, namba ya jalada iliyo juu ya barua (Aktenzeichen), kisha sentensi hii: Gegen den Bußgeldbescheid lege ich Einspruch ein. Weka tarehe na saini. Sababu si lazima. Barua iwe imefika ofisini kabla ya muda kwisha. Kuiposti siku ya mwisho hakutoshi, na barua pepe ya kawaida haitoshi pia. Mama aliipeleka mwenyewe tarehe 16 na kuomba nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

“Sasa nimtaje kaka yangu?” aliuliza. Halazimiki. Sheria inamruhusu mtu kutotoa ushahidi dhidi ya ndugu wa karibu, hivyo anaweza kusema tu kwamba hakuendesha yeye. Asichoruhusiwa ni kutaja jina la uongo. Hilo ni kosa la jinai.

Kupinga kuna hatari yake. Ofisi isipoifuta faini, shauri huenda mahakamani, na anayeshindwa huongezewa gharama. Kwa hiyo kama kweli ni wewe uliyeendesha na picha inakuonyesha wazi, mara nyingi kulipa ni nafuu.

Mtoto anayesoma barua hizi nyumbani aombwe mambo matatu: tarehe iliyo juu ya bahasha, aya yenye neno Einspruch, na tarehe ya kulipa. Kiasi cha faini kisomwe mwisho.