Andikeni Kwanza, Kosoeni Baadaye

Anayefungua siku ya ubunifu shuleni na aanze na tatizo moja: bomba la kunawia mikono linamwaga maji ovyo, tufanyeje? Mwaka 1953 Alex Osborn, Mmarekani wa matangazo ya biashara, alishauri kikundi kitoe mawazo mengi kwanza, bila kukosoana. Lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1958, ulionyesha kuwa waliofikiri peke yao, mawazo yao yakijumlishwa, waliwashinda waliokaa pamoja. Katika kikundi mtu husubiri zamu, na akisubiri husahau. Basi kila mwanafunzi aandike kimya kwanza, kisha karatasi zisomwe bila majina. Mwalimu asigune! Atakayeandika “kidumu kinachoinamishwa kwa mguu” huenda akachekwa, ilhali hicho ndicho kibuyu chirizi.