Soma Risiti ya Tokeni Kabla ya Kuifuta

Wengi wetu tukinunua stima huangalia zile namba 20 za kubonyeza kwenye mita tu, halafu ujumbe unafutwa. Lakini chini ya namba hizo kuna hesabu ya nyumba yako.

Tuchukue mfano wa mama mmoja mjini Lodwar ambaye amenunua tokeni za Kenya Power za shilingi 500. Ujumbe wake unasema hivi:

```
Units:19.00
Amt:500.00
TknAmt:312.55
OtherCharges:187.45
```

Amt ni pesa alizolipa. TknAmt ni bei ya stima yenyewe. OtherCharges ni makato: gharama ya mafuta ya kuzalisha stima, mabadiliko ya bei ya dola, ushuru wa kupeleka stima vijijini, na VAT. Ukijumlisha hayo mawili unapata zile 500.

Sasa, watu hukosea hapa. Wanagawanya 312.55 kwa 19, wanapata shilingi 16.45, wanasema stima ni rahisi. Mfuko wako haukutoa 312 bali ulitoa 500. Kwa hiyo gawanya 500 kwa 19: yuniti moja ni kama shilingi 26.30.

Bado hatujamaliza. Mama huyu hana pesa kwenye simu, ananunua kwa mwenye duka anayetoza shilingi 20 kila mara. Hizo 20 haziko kwenye risiti kabisa. Basi ni 520 kugawanya kwa 19, yaani shilingi 27.40 hivi. Na angenunua ya 100 mara tano? Angepata yuniti zilezile 19, kwa sababu kampuni haimwadhibu anayenunua kidogo kidogo. Lakini dukani angeacha 100 badala ya 20, na yuniti ingemfikia karibu 31.60. Shilingi 80 zimepotea hivi hivi.

Andika tarehe kwenye daftari. Kama yuniti 19 zilimaliza siku 14, gawanya 520 kwa 14: ni shilingi 37 kwa siku, au kama 1,110 kwa mwezi. Hiyo ndiyo ya kuweka kwenye bajeti.

Jirani akipata yuniti nyingi kuliko wewe kwa 500, usikimbilie kusema mita imeharibika. Tangu Aprili 2023 anayetumia wastani wa yuniti 30 au chini kwa mwezi hutozwa bei nafuu, na wastani huo hutazamwa kwa miezi mitatu. Makato ya mafuta nayo hubadilika kila mwezi. Ila makato yakiruka ghafla, tuseme yazidi nusu ya pesa yako, uliza kama kuna deni linalokatwa.

Kwa wenzetu wa Kakuma na Kalobeyei wanaonunua stima ya jua kwa kampuni ndogo, risiti ni tofauti lakini hesabu ni ileile: pesa zote zilizotoka mfukoni, gawanya kwa yuniti. Anayelipia jenereta ya mtu kwa mwezi hana yuniti za kugawanya, yeye ahesabu kwa siku tu.