Nondo iliyopinda hushuka kiasi gani?

Chukua nondo laini ya chuma, kipenyo milimita 20, iliyopindwa robo duara yenye nusu kipenyo cha milimita 300. Mguu wake umechomelewa wima kwenye bamba. Ncha ya juu imelala, na inabeba mzigo wa kilo 20, yaani kama nyutoni 200. Itashuka kiasi gani?

Mwitaliano Carlo Alberto Castigliano alitoa njia mwaka 1873: tafuta nishati iliyojificha kwenye nondo iliyokunjika, kisha uone inavyobadilika mzigo ukiongezeka kidogo. Kasi hiyo ya badiliko ndiyo mshuko wenyewe.

Ukitoka nchani kwa pembe θ, mkunjo ni PR sin θ. Ukijumlisha nishati hadi kwenye mguu:

U = πP²R³/8EI

Ukinyambua kwa P:

δ = πPR³/4EI

Kwa nondo yetu, milimita 2.7.

Wengi husahau kwamba ncha husogea pia kando. Hapo weka kani bandia ya mlalo, nyambua kwa kani hiyo, kisha uifanye sifuri. Jibu, PR³/2EI, ni milimita 1.7: si kidogo hata kidogo! Nondo nene yenye mpindo mkali, hesabu hii haiitoshi.