Hesabu ya Saa Tano za Giza

Umeme ukatikapo Kiwangwa wakati wa magharibi, msimu wa mananasi, haupiti muda ila utasikia jenereta ikivutwa kamba nyuma ya duka fulani, na mwenye duka akarejea ndani ameridhika kwamba nuru imerudi. Aghalabu hajui kwamba nuru hiyo ameinunua kwa bei ambayo lau angedaiwa na shirika la umeme, angekwenda kushitaki.

Na tuichukue hesabu ya usiku mmoja, kwa mfano wa mgao uliotusibu tangu mwishoni mwa 2023 hadi mtambo wa kwanza wa Bwawa la Mwalimu Nyerere ulipoanza kuingiza umeme katika gridi Februari 2024. Oktoba ya 2023 bei kikomo ya petroli iliyotangazwa na EWURA kwa Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,200 kwa lita, nasi tutaishika hiyo. Duka lina balbu mbili za wati 9, na giza ni la saa tano, tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku. Jenereta ndogo ya kilowati moja, ikibeba balbu hizo tu, hunywa kiasi cha lita 0.4 kwa saa. Basi usiku mmoja ni lita mbili, yaani shilingi 6,400, mbali na oili na uchakavu wa mashine. Balbu zenyewe zimetumia uniti 0.09 tu. Kwa kipimo hicho uniti moja imegharimu zaidi ya shilingi 70,000, ilhali ile ya gridi, pamoja na kodi na tozo, haizidi sana shilingi 350 kwa mteja wa kawaida.

Sababu yake ni dhahiri kwa anayeijua mashine. Ili itoe umeme wa mawimbi 50 kwa sekunde, jenereta ya aina hii hulazimika kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, iwe imebeba balbu mbili au imebeba friza, na sehemu kubwa ya petroli huishia katika kuizungusha injini yenyewe, kuishinda misuguano na kutoa joto. Ndiyo maana mzigo ukipanda hadi wati 500, unywaji hupanda kidogo tu, kama nusu lita kwa saa. Gharama ya uniti hushuka hadi shilingi 3,200 hivi. Asiyesadiki na aijaribu yake: ajaze tangi hadi alama aliyoichagua, aiwashe saa moja kamili, aizime, aiache ipoe, kisha airudishie petroli hadi alama ile ile kwa chupa ya nusu lita aliyoigawa kwa mistari. Alichomimina ndicho kilicholiwa.

Mshumaa nao huonekana rahisi. Tukisema mmoja ni shilingi 300 na huwaka saa tano, miwili ni shilingi 600 kwa usiku. Walakini mshumaa hutoa nuru ya lumeni 12 hivi, na taa ndogo ya kuchaji ya wati 3 hutoa kama 300. Kuifikia nuru ya taa hiyo moja yatakiwa mishumaa 25, yaani shilingi 7,500, zaidi ya petroli ya jenereta. Anayesema mshumaa ni nafuu, kwa hakika amekubali kukaa gizani.

Taa ya kuchaji yenye betri ya volti 3.7 na ampea-saa 4 hubeba wati-saa 15, na huwaka karibu saa tano. Kuijaza hula umeme wa shilingi saba hivi. Ikiwa imenunuliwa kwa shilingi 25,000 na ikajazwa mara 300 kabla ya kuchoka, kila usiku ni kama shilingi 90. Zenye betri za risasi zataka hadhari: zikiachwa tupu miezi mizima kabatini, huharibika. Utazijua kwa kuwa hujaa upesi mno, kisha hufifia kabla ya nusu saa.

Je, jenereta haina kazi? Inayo, ila si ya kuwasha balbu. Mwenye friza ya juisi, umeme ukikatika siku nzima, na aiwashe jenereta saa moja, nje, mbali na madirisha, kwani moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kuonya. Saa hiyo friza ivute baridi, taa na simu zichajiwe pamoja, kisha azime na kuufunga mlango wa friza. Friza iliyojaa na kufungwa hushika ugandi wake hata siku mbili. Kwa nusu lita, shilingi 1,600, amepata baridi ya friza na chaji ya taa na simu, na nyuma ya duka pako kimya.