Figo Zilizokata Tamaa

Katika makala za kisayansi zilizochapishwa kwa Kiingereza utakuta wagonjwa ambao figo zao "zimekata tamaa" na wanawake wenye "hatari ya kifuani". Kilichokusudiwa ni figo kushindwa kufanya kazi na saratani ya matiti. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov waliiita misemo ya aina hii misemo iliyoteswa, baada ya kuikuta kwa wingi katika jarida la Microprocessors and Microsystems la kampuni ya Elsevier. Baadaye mchapishaji aliweka tahadhari kwenye mamia ya makala za jarida hilo.

Chanzo chake ni wizi wa maandishi. Programu za kunasa wizi, kama Turnitin, hulinganisha mfululizo wa maneno na maandishi yaliyokwisha kuchapishwa. Mwizi naye hupitisha makala ya mwenzake katika programu inayobadili neno moja moja kwa kisawe chake, na ulinganifu unapotea. Ila programu hiyo haijui kwamba istilahi haina kisawe. Wahandisi wana kipimo cha uwiano wa ishara na kelele. Kwa Kiingereza neno la ishara laweza pia kusemwa kwa neno la bendera, na kelele kwa neno la ghasia. Basi kipimo kikageuka "uwiano wa bendera na ghasia", jambo ambalo hakuna mhandisi aliyewahi kulipima.

Mhariri atazame hasa vifupisho. Kamusi ya programu haina kisawe cha SNR, kwa hiyo kifupisho hubaki kilivyokuwa huku maneno yaliyokizaa yakiwa yamebadilika, na herufi hazioani tena. Akikuta hivyo, arudishe istilahi sahihi katika sentensi nzima, kisha aitafute mtandaoni. Mara nyingi makala asilia hujitokeza, ikiwa na hoja zilezile kwa mpangilio uleule. Cabanac na wenzake wana chombo kinachosaka misemo hii katika machapisho, Problematic Paper Screener, lakini kazi ya kusoma na kuamua ni ya binadamu.

Msemo mmoja peke yake hautoshi kumtia mtu hatiani. Huenda mwandishi ametafsiri vibaya kutoka lugha yake, au amenukuu makala iliyoharibika. Misemo kadhaa katika ukurasa mmoja ni habari nyingine. Tena makala isiyo nayo haijasafika kwa hilo: programu mpya za akili bandia huandika upya kwa ufasaha na kuacha istilahi mahali pake.

Mwandishi akibanwa huomba aruhusiwe kurekebisha lugha. Mhariri asikubali upesi. Kilichoibwa kitabaki ndani, na alama iliyokifichua itakuwa imefutwa. Amwombe kwanza data ghafi, na awaulize wahakiki waliopitisha bendera na ghasia walikuwa wakisoma nini.