Mtoto wa MCAD akianza kutapika

Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha MCAD hawezi kuchoma mafuta ya mwili vizuri. Akiwa mzima anakula kama wenzake. Hatari huja anapougua na kukataa chakula, kwa kuwa akiba ya sukari ikiisha hana cha kutegemea.

Kwa hiyo homa au kuhara kukianza, mzazi asingoje. Tuseme ana miaka 3 na kilo 12. Daktari wake huandika kinywaji cha glukosi cha asilimia 20, yaani gramu 20 za unga, kisha maji hadi ifike mililita 100. Anapewa takribani mililita 90 kila saa 2, usiku pia, aamshwe. Akitapika tena na tena, au akilegea, ni hospitali mara moja, na karatasi ya mpango mkononi.

Wahudumu, msidanganywe na kipimo cha sukari kilicho sawa: sukari hushuka mwishoni, ubongo ukiwa tayari umeathirika. Dripu ya dekstrosi asilimia 10 ianze kabla ya majibu ya maabara. Mafuta ya lishe ya mshipani asipewe kabisa.